Maji ya kisima yenye chuma: usitie jiki kwenye beseni la nguo nyeupe

Msimu huu nimeonyeshwa mashati ya shule, kanzu na makoti meupe ya kukamulia maziwa yaliyogeuka rangi ya udongo. Kila nilipouliza yalifuliwa vipi, jibu lilikuwa lile lile. Nguo ilianza kuwa ya manjano kidogo, ikatiwa jiki ili ing'ae, ikatoka na mabaka ya kutu, ikaongezwa jiki. Mama mmoja mfugaji aliniambia, "Bwana shamba, nimemaliza chupa nzima na koti limezidi." Lazima lizidi. Jiki ndiyo iliyolipaka.

Chuma kilichomo kwenye maji ya chini ya ardhi kimeyeyuka, hakionekani. Ndiyo maana maji yanatoka bombani meupe kabisa. Kikikutana na hewa kinageuka kutu na kujitenga na maji, na kwa hewa peke yake kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Klorini iliyo kwenye jiki huifanya kwa dakika chache. Ukiitia kwenye beseni lenye nguo, kutu inazaliwa pale pale ndani ya nyuzi za pamba, na kusuuza hakuitoi. Magadi ya kufulia nayo husukuma chuma kugeuka kutu haraka zaidi, kwa hiyo jiki na magadi pamoja ni kosa juu ya kosa. Kiasi cha chuma kinachotosha kuharibu nguo ni kidogo sana: kuanzia miligramu 0.3 kwa lita doa huanza kuonekana.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni chuma. Jaza chupa safi inayopenya mwanga, moja kwa moja kutoka bombani, uiache wazi usiku kucha. Ikianza angavu na asubuhi ina uchafu mwekundu chini, ni chuma kilichoyeyuka. Chai ya rangi inayokuwa nyeusi kama wino ni dalili nyingine. Lakini kama maji ni mekundu asubuhi unapoanza kupampu, kisha yanasafika baada ya ndoo kadhaa, kagua mabomba: mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huliwa na maji yenye asidi. Hapo dawa ni kubadilisha mabomba.

Sasa niseme jambo linalowachanganya wengi. Klorini ile ile inayoharibu nguo kwenye beseni inaweza kuyasafisha maji, mradi itiwe kwenye tanki, saa nyingi kabla ya kufua. Kutu ijitenge huko, itulie chini, nguo isiikute. Yule mama alipeleka maji yake maabara, yakaonekana yana miligramu 3 za chuma kwa lita. Tanki lake ni la lita 1,000, maana yake lina gramu 3 za chuma. Kila gramu ya chuma huhitaji takriban gramu 0.64 za klorini, kwa hiyo alihitaji karibu gramu 2. Jiki yake ilikuwa ya asilimia 3.5, yaani gramu 35 kwa lita moja, na hesabu ikatoka mililita 55. Tukatia 60, kwa kuwa jiki hupungua nguvu ikikaa.

Mililita 60. Si kifuniko, si "kidogo hivi", si mpaka inuke. Nimewakuta watu wakikadiria kwa macho, na nawaomba mwache tabia hiyo. Nunueni bomba la sindano jipya la mililita 20, lile la kutibia mifugo, bila sindano yake, mpime mara tatu. Someni asilimia kwenye chupa yenu, maana zinatofautiana. Jiki yenye nguvu mara mbili hutiwa nusu. Na asiyepima chuma cha maji yake asinakili hesabu ya jirani.

Muda nao una hesabu yake. Tia dawa wakati tanki linajazwa ili ichanganyike, tuseme saa 12 jioni, kisha usifulie maji hayo mpaka saa 12 asubuhi. Baada ya nusu saa ya kwanza, chota kikombe unuse: kukiwa na harufu hafifu ya klorini, imetosha. Kama hakuna harufu kabisa, ongeza mililita 10 na usubiri tena. Asubuhi chota maji kwenye koki iliyo angalau sentimita 15 juu ya sakafu ya tanki, kwa sababu tope la kutu liko chini. Tope hilo litolewe kila baada ya wiki mbili, la sivyo maji yakijazwa yatalikoroga na kazi yote imepotea.

Chembe nyingine ni ndogo mno, hazitulii. Hizo zinashikwa na mchanga. Chukua pipa la lita 200 lenye koki chini, weka kokoto sentimita 15, juu yake mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi, sentimita 50. Maji yakipungua kasi, kwangua sentimita 2 za juu. Asiyetaka klorini anaweza kuyamwaga maji kwa matone kupitia ndoo tatu zilizotobolewa na kupangwa moja juu ya nyingine, ili yapate hewa, kisha yakalala usiku na kupita kwenye mchanga. Njia hii hufanya kazi vizuri maji yasipokuwa na asidi. Kama doa lenu ni jeusi badala ya jekundu, huenda ni madini mengine yaitwayo manganizi, na hewa peke yake haiyatoi.

Chumvi ni habari nyingine. Visima vingi vya Dar es Salaam na ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na hakuna mchanga, mkaa wala unga wa kutia unaoitoa. Inatolewa na mtambo wa kuchuja kwa shinikizo kupitia utando, ambao ni ghali na humwaga sehemu ya maji. Maji hayo mara nyingi ni magumu pia: sabuni ya mche haitoi povu, inaganda na kuacha nguo za kijivu. Tumia sabuni ya unga, na hifadhi maji ya mvua kwa kusuuzia mara ya mwisho.

Nguo ambazo tayari zina kutu msizitupe. Zisuuzeni kwanza mpaka harufu ya jiki iishe kabisa, kwa sababu jiki ikikutana na asidi hutoa gesi inayochoma mapafu. Kisha yeyusha vijiko viwili vya chakula vya asidi ya limau ya unga katika lita 5 za maji ya mvua ya moto, kwenye ndoo ya plastiki, uloweke kwa dakika 45. Usiiache nguo ikauke na asidi, pamba hudhoofika. Isuuze mara tatu kwa maji ya mvua. Doa likibaki rudia kabla ya kupiga pasi. Koti la yule mama lilitoka mara ya pili.