Somo: Kaya 152, sampuli ya kaya 20, na hesabu isiyogawanyika

Orodha ya mtaa ina kaya 152, unataka 20 kwa kuruka kwa mpangilio. Gawanya: 152 ÷ 20 = 7.6. Wengi hapa hukata desimali, na hapo ndipo sampuli inapoharibika.

Ukiruka kwa 7, unaanza popote kati ya 1 na 7, na kaya ya ishirini haiwezi kuvuka namba 140. Kaya 12 za mwisho hazina nafasi kabisa, na mara nyingi wa mwisho kwenye orodha ndio waliohamia juzi. Ukiruka kwa 8, unapata kaya 19 tu.

Njia ya kwanza: acha desimali ilivyo

Chagua kwa bahati nasibu namba ya kuanzia iliyo zaidi ya 0 na isiyozidi 7.6. Iwe na desimali. Kwenye Excel:

```
=RAND()*7.6
```

Nakili jibu kwenye karatasi mara moja, maana hubadilika kila unapogusa jedwali. Tuseme umepata 3.25. Ongeza 7.6 kila hatua: 3.25, 10.85, 18.45, 26.05, mpaka 147.65. Ukishamaliza kujumlisha zote, ndipo upandishe kila moja hadi namba kamili ya juu: kaya ya 4, 11, 19, 27, na ya mwisho 148. Ukipandisha katikati ya kujumlisha, kosa linajilimbikiza.

Njia ya pili: mduara

Chukulia kwamba baada ya kaya ya 152 inafuata ya 1. Chagua mwanzo kati ya 1 na 152, tuseme 117, kisha ruka kwa 7: 117, 124, 131, 138, 145, 152, halafu 7, 14, mpaka 98. Zimetimia 20, na kila kaya ilikuwa na nafasi sawa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nilizungusha kwa 8 kwa sababu 7.6 iko karibu na 8. Ya ishirini ikanirudisha 117!*

Ni kwa sababu 8 × 19 = 152, mduara umefunga. Kwenye mduara shusha hadi 7. 7 × 20 ni 140, haivuki 152, kwa hiyo hakuna kaya itakayojirudia.

*Kwa nini tusikadirie hadi namba iliyo karibu, kama shuleni?*

Ukianza na 0.3 utapata kaya namba 0, ambayo haipo. Na kaya ya 152 itabaki na nusu ya nafasi ya wenzake.

*Ipi bora?*

Mimi hupenda ya desimali. Tazama mduara wetu: kati ya 98 na 117 hakuna hata kaya moja iliyochukuliwa. Njia ya desimali huruka kwa 7 au 8 tu kila mara, hivyo mtaa mzima unafikiwa. Mduara nautumia pale mchukua takwimu anapohesabu kwa mkono bila kikokotoo.