Kubadilishana mistari kabla ya kuondoa: inapookoa jibu na isipookoa

Somo hili tulifanye kwa kalamu, kwa tarakimu nne za maana. Kila ukimaliza kuzidisha, kugawanya, kujumlisha au kutoa, kadiria jibu hadi tarakimu nne ndipo uendelee. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo, ila hubeba tarakimu kama 16, kwa hiyo uchafu wake hauonekani upesi. Kwa tarakimu nne tutauona waziwazi.

Chukua milinganyo hii miwili:

```
0.0006x + 2.137y = 2.140
0.5214x - 1.308y = 1.299
```

Jibu halisi ni x = 5, y = 1. Lihakikishe kwanza kwa kuweka namba hizo mahali pake.

Hatua ya 1: ondoa x bila kubadilisha chochote. Pivoti, yaani kizigeu tunachokitumia kuondolea, ni 0.0006. Kizidishi ni 0.5214 ÷ 0.0006 = 869.0. Zidisha mstari wa kwanza kwa 869, kisha utoe kwenye wa pili.

Upande wa y: 869 × 2.137 = 1857.053, tunaandika 1857. Halafu −1.308 − 1857 = −1858.308, tunaandika −1858.

Upande wa kulia: 869 × 2.140 = 1859.66, tunaandika 1860. Halafu 1.299 − 1860 = −1858.701, tunaandika −1859.

Basi y = 1859 ÷ 1858 = 1.001. Si mbaya, kosa ni sehemu moja tu ya elfu. Sasa rudi mstari wa kwanza kutafuta x: 2.137 × 1.001 inakadiriwa kuwa 2.139, na 2.140 − 2.139 = 0.001. Ukigawanya kwa 0.0006 unapata x = 1.667, ilhali tulitaka 5.

Hatua ya 2: tafuta kosa lilipoingia. Wengi hulaumu ule mgawanyo wa mwisho. Ni kweli ulikuza kosa, maana kugawanya kwa 0.0006 ni kuzidisha kwa zaidi ya 1600. Lakini uharibifu ulikwisha kufanyika mapema, pale −1.308 ilipokutana na 1857. Mstari wa pili ulikuja na habari zake zenyewe, nazo zikamezwa na namba kubwa mara elfu na zaidi. Kilichobaki ni kama nakala ya mstari wa kwanza iliyozidishwa. Kwa hiyo ukiona kizidishi kikubwa, simama hapo hapo.

Hatua ya 3: badilisha mistari, kisha uondoe. Kanuni ni kutazama safu wima ya x, kuchukua kizigeu kikubwa kuliko vyote bila kujali alama, na kupandisha mstari wake juu. Hapa 0.5214 inashinda, na kizidishi kinakuwa 0.0006 ÷ 0.5214 = 0.001151. Ukifuata kanuni hii hakuna kizidishi kitakachozidi 1.

Upande wa y: 2.137 + 0.001151 × 1.308 = 2.137 + 0.001506, tunaandika 2.139. Upande wa kulia: 2.140 − 0.001495, nao tunaandika 2.139. Basi y = 1.000, na x = (1.299 + 1.308) ÷ 0.5214 = 5.000.

Ni milinganyo ile ile na tarakimu nne zile zile. Kwa hiyo ubaya haukuwa kwenye swali, ulikuwa kwenye njia.

Hatua ya 4: jaribu swali ambalo lenyewe ni bovu.

```
2.113x + 3.217y = 1.009
1.407x + 2.143y = 0.671
```

Jibu halisi ni x = 2, y = −1. Pivoti kubwa tayari iko juu, hakuna cha kubadilisha. Kizidishi ni 0.6659. Upande wa y: 2.143 − 2.142 = 0.001. Upande wa kulia: 0.6710 − 0.6719 = −0.0009. Tunapata y = −0.9 na x = 1.848.

Tumefuata kanuni yote, bado jibu limepotoka. Angalia ile 0.001: bila kukadiria ingekuwa 0.000871. Namba mbili zilizokaribiana zimetoana, tarakimu zote nzuri zikafutika, ikabaki ile ya mwisho ambayo tayari ilikuwa na kosa.

Sasa pima baki, yaani upande wa kulia ukitoa kile jibu letu linachozalisha. Mstari wa kwanza unatoa −0.000524, wa pili −0.000436. Ni ndogo mno! Anayehakiki jibu kwa kurudisha namba kwenye milinganyo atalipitisha bila wasiwasi, na x ina kosa la 0.152.

Hatua ya 5: pima hali ya matriksi. Kwenye kila mstari jumlisha vizigeu bila kujali alama, uchukue jumla kubwa. Fanya vivyo hivyo kwa matriksi kinyume, kisha zidisha majibu mawili. Hiyo ndiyo namba ya hali, inayoonyesha kosa la uwiano linaweza kukuzwa hadi kama mara ngapi, na Alan Turing ndiye aliyeipa jina mwaka 1948. Kwa swali la kwanza ni kama 6.6. Kwa la pili ni 5.330 × 2913, yaani kama 15,500. Kukadiria kwa tarakimu nne huleta kosa la hadi 0.0005 kwa uwiano, na 15,500 × 0.0005 inapita 7. Ikishapita 1, huna tarakimu hata moja ya kuiwekea dhamana. Sisi tuliangukia karibu kwa bahati.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Si ningetazama ditaminanti tu? Ya swali la pili ni 0.00184, ndogo sana.*

Marahaba. Hapana, itakudanganya. Milinganyo 0.001x = 1 na 0.001y = 1 ina ditaminanti 0.000001, na namba yake ya hali ni 1, bora kuliko zote. Ditaminanti hubadilika ukibadilisha vipimo tu, kwa mfano mita kuwa milimita.

*Nikizidisha mstari wa kwanza wa swali la kwanza kwa 10,000, pivoti inakuwa 6. Nimeponyoka?*

Hujaponyoka. Sasa kanuni inauchagua mstari huo huo mbaya, kizidishi ni 0.0869, na 0.0869 × 21370 ni 1857 ile ile. Dawa ni kulinganisha kila kizigeu na kikubwa cha mstari wake: 6 ÷ 21370 ni kama 0.0003, na 0.5214 ÷ 1.308 ni kama 0.4. Wa pili unapanda.

*Kwenye Python nahitaji kubadilisha mistari mwenyewe?*

La, `solve` hubadilisha yenyewe. Namba ya hali ndiyo ya kuomba:

```python
import numpy as np
A = np.array([[2.113, 3.217], [1.407, 2.143]])
b = np.array([1.009, 0.671])
print(np.linalg.solve(A, b))
print(np.linalg.cond(A, np.inf))
```

Kwa tarakimu 16, hali ya 15,500 hula kama nne au tano tu, hutaona tatizo.

*Hilo jibu la 1.848 haliwezi kurekebishwa bila kuanza upya?*

Linaweza, mradi baki uipime kwa tarakimu nyingi zaidi, kama tulivyofanya. Weka baki upande wa kulia na utumie kizidishi kile kile na 0.001 ile ile. Masahihisho yanatoka 0.1324 kwa x na −0.0871 kwa y, na jibu linakuwa x = 1.980, y = −0.9871. Rudia tena, linasogea zaidi.

*Kumbe tatizo limekwisha!*

La hesabu, ndiyo. Lakini tuseme 0.671 ilipimwa kwa chombo, na thamani ya kweli ni 0.672. Hapo jibu halisi, bila kukadiria popote, ni x = 0.252 na y = 0.148. Kosa la kipimo hicho halitolewi na kurudia wala na kubadilisha mistari. Itabidi upime kwa chombo kikali zaidi, au utafute mlinganyo mwingine usiofanana hivyo na wa kwanza.