Somo: Kuwatambua mapema wanafunzi walio hatarini kwa alama na mahudhurio

Naliandika somo hili mara moja ili nisilirudie kila muhula, kwa maana walimu wenzangu wa Lamu huniuliza swali lile lile: ni vipi orodha yangu huwa fupi, ilhali yao hujaza nusu ya darasa? Jibu ni kwamba simwingizi mtoto kwa alama pekee wala kwa utoro pekee. Huingia yule ambaye alama zake za sasa ziko chini ya kiwango na, wakati huo huo, mahudhurio yake yanashuka mfululizo.

Hatua ya 1. Fungua lahajedwali kwenye kompyuta. Safu A andika majina, na safu B alama ya mtihani wa karibuni kabisa, si wastani wa muhula uliopita.

Hatua ya 2. Chagua kiwango. Mimi hutumia 40. Darasa lenu likiwa dhaifu kwa jumla, kiteremsheni mpaka mpate idadi ya watoto mnayoweza kuzungumza nao ndani ya wiki moja.

Hatua ya 3. Hesabu siku alizohudhuria kila mtoto katika vipindi vitatu vinavyofuatana, kila kipindi wiki mbili, uziweke safu C, D na E. Juu yake, mstari wa 2, andika siku ambazo shule ilifunguliwa.

Hatua hii ndiyo inayoharibu orodha nyingi, kwa hiyo tusiipite mbio. Wengi hulinganisha wiki kwa wiki, na huku kwetu wiki hazilingani. Bamvua huja takriban kila baada ya wiki mbili, na maji yanapokupwa sana wako watoto wanaokwenda kuvua pweza miambani na wako wanaokosa boti kwa kuwa mkondo hauna kina. Mtoto wa namna hiyo huja siku tano wiki hii, nne wiki ijayo, kisha tano tena. Ukimchorea mstari wa wiki sita utaona unainama kidogo, nawe utadhani anaporomoka, kumbe ni maji tu. Ukizijumlisha wiki mbili mbili, bamvua na maji mafu huingia katika kipindi kimoja, na mtoto yule husomeka tisa kwa kumi kila mara.

Jihadharini na mambo mawili. Kwanza, kipindi chenye siku za shule chini ya saba, kwa sababu ya Idi au mapumziko ya katikati ya muhula, kirefusheni, kwani katika kipindi cha siku sita kukosa siku moja tu hushusha mtoto kwa zaidi ya alama 16 za asilimia. Pili, siku ambayo shule ilikuwa wazi lakini nusu ya darasa haikuja, kama hutokea wakati wa Maulidi, haisemi lolote kuhusu mtoto mmoja mmoja. Iondoe katika mstari wa 2, na uiondoe pia katika hesabu ya kila aliyekuja siku hiyo. Ukiona asilimia imepita 100, ujue umeiondoa upande mmoja tu.

Hatua ya 4. Wanafunzi waanze mstari wa 3. Fomula ya kwanza iandike F3 na uivute mpaka H3, ya pili iandike I3, kisha uzivute zote chini.

```
=100*C3/C$2
=AND(ISNUMBER(B3),B3<40,F3>G3,G3>H3,F3-H3>=15)
```

Msiiondoe ISNUMBER. Seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri iko chini ya 40, kwa hiyo asiyefanya mtihani ataonekana amefeli. Hao waandikeni kando, kwa kuwa kukosa mtihani ni habari nyingine. Ile 15 nayo si ya kubahatisha: siku moja katika kipindi cha siku kumi ni alama kumi za asilimia, hivyo homa ya siku moja haimwingizi mtu.

Hatua ya 5. Soma matokeo. Tuseme shule ilifunguliwa siku 10, 9, kisha 10. Mwanafunzi wa kwanza ana alama 36 na amehudhuria 10, 8 na 7, yaani asilimia 100, 89 na 70. Fomula inatoa TRUE. Wa pili ana 35 na siku 10, 4 na 10: aliugua malaria akarudi, basi anahitaji kufundishwa alichokosa, si kuulizwa kwa nini anatoroka. Wa tatu ana 38 na siku 9, 8 na 9: alama ni dhaifu lakini mahudhurio yamesimama, kwa hiyo shida itafutwe darasani. Ni yule wa kwanza pekee ambaye mwalimu wa darasa amwendee kesho asubuhi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa Mpeketoni: Nina mtoto mwenye alama 22 na hajatokea. Fomula yako ni mbovu.

Jibu: Mahudhurio yake ni yapi? Ikiwa hayashuki, hatua ya 5 imemtaja mwenzake wa alama 38. Tafadhali isome.

Mwalimu wa Mokowe: Maalim, kwa nini tusiseme tu kwamba aliye chini ya asilimia 75 yuko hatarini?

Jibu: Kwa sababu aliyekaa 70 tangu Januari mnamjua tayari, na mazungumzo na wazazi wake yalikwisha kuanza. Aliyetoka 100 akafika 80 hamjamwona bado, na mkingoja afike 75 atakuwa amekwisha kuzoea kutokuja.

Mwalimu wa Malindi: Fomula inakataa.

Jibu: Inakataa kwa maneno gani? Jaribu kuweka nukta-mkato mahali pa mkato; baadhi ya kompyuta zimepangwa hivyo.

Bi Mwalimu wa Faza: Shikamoo Maalim. Wasichana wangu wawili wana asilimia 100 katika rejista ya asubuhi, lakini baada ya adhuhuri viti vyao huwa vitupu. Je, hesabu hii itawaona?

Jibu: Marahaba, Bi Mwalimu. Haitawaona, na swali lako lina uzito kuliko somo lenyewe. Mkiwa mnaita rejista mara mbili, hesabuni nusu siku: asubuhi moja, alasiri moja, na mstari wa 2 uwe 20 badala ya 10. Siku ya asubuhi pekee itasomeka nusu. Hapo ile 15 itahitaji nusu siku tatu, ambayo bado ni kipimo cha haki. Uliza pia kama alasiri hizo huangukia siku zile zile za wiki, kwani hapo huenda kuna kazi ya nyumbani yenye ratiba yake.

Mwalimu wa Malindi: Nukta-mkato imefanya kazi. Na aliye na alama 61 lakini mahudhurio 100, 89, 60?

Jibu: Hilo ndilo swali. Alama hufuata nyuma ya mahudhurio, kwa hiyo fomula hii itamkosa mpaka mtihani ujao. Andika J3 maneno yale yale ya fomula ya I3 bila sehemu mbili za B3, wala usiinakili seli yenyewe kwani herufi za safu zitasogea; ivute chini upate wanaoshuka wote, uwaangalie kwa macho tu bila kuwaita ofisini.

Mwalimu wa Mpeketoni: Nimesoma. Naweza kuiweka orodha katika kundi la wazazi la WhatsApp?

Jibu: Hapana. Ina majina ya watoto na alama zao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata wao. Mpe mwalimu wa ushauri nasaha nakala moja, na kila mzazi aambiwe habari za mwanawe peke yake.