Biashara yako inaweza kukua kiasi gani kwa faida yake yenyewe? Hesabu hatua kwa hatua, mfano wa kubangua korosho Masasi

Juzi nimekaa na dada mmoja wa Masasi mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho, ofisa mikopo kamuuliza mauzo yake yanaweza kupanda asilimia ngapi bila yeye kuongeza mtaji wa mfukoni. Hapo kuna majibu mawili. Ukuaji wa ndani ni ule usiokopa hata shilingi mpya, na ukuaji endelevu ni ule unaoruhusu kukopa, ila deni lipande sambamba na mtaji, mzigo wa deni usibadilike. Tarakimu hizi nimezizungusha zikae vizuri, zote ni milioni za shilingi.

Hatua ya 1. Andika namba nne. Faida baada ya kodi 24, alichotoa mwenyewe 9.6, mtaji wake mwisho wa mwaka 120, mali zote 200 (kwa hiyo deni ni 80). Kwenye alichotoa weka kila kitu, ada ya watoto, bati za nyumba, hata ile ya harusi ya mdogo wake, maana pesa ikishatoka kwenye biashara ni gawio tu hata kama hakuna aliyeliita gawio.

Hatua ya 2. Kiasi kilichobaki ndani: 24 toa 9.6 ni 14.4, gawa kwa 24, unapata 0.6.

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu wanapotea. Faida kwa mtaji ni 24 gawa 120, yaani asilimia 20. Wengi wanazidisha 20 kwa 0.6, wanapata 12, wanafunga daftari. Fomula hiyo fupi ni sahihi ila kwa mtaji wa MWANZO wa mwaka, na sisi tumetumia wa mwisho ambao tayari una ile 14.4 ndani yake. Mtaji wa mwanzo ulikuwa 105.6, na 14.4 gawa 105.6 ni asilimia 13.64. Kama una mizania ya mwisho tu basi gawa kwa moja toa jibu lako: 0.12 gawa 0.88, unarudi kwenye 13.64 ileile. Kuna kosa la upande wa pili pia, mtu anachukua mtaji wa mwanzo halafu bado anagawa kwa moja toa, anapata kama 15.8, hiyo imevimba. Ndiyo maana vikokotoo vya mtandaoni sivipendi, vingi havikuambii vinataka mtaji wa lini. Weka eksel yako mwenyewe:

```
B1   24      faida baada ya kodi
B2   9.6     alichotoa
B3   120     mtaji, mwisho wa mwaka
B4   200     mali zote, mwisho wa mwaka
B5   =(B1-B2)/B1
B6   =(B1/B3*B5)/(1-B1/B3*B5)
B7   =(B1/B4*B5)/(1-B1/B4*B5)
```

B6 ni ukuaji endelevu, 0.1364 yaani asilimia 13.64. B7 ni ukuaji wa ndani, 0.0776 yaani asilimia 7.76.

Usiamini kabla hujajaribu. Kuza kila kitu kwa asilimia 13.64: faida inakuwa 27.27, ukibakiza 0.6 ni 16.36, na mtaji wa 120 ukikua kwa 13.64 unahitaji 16.36 hiyohiyo, imefunga. Deni nalo lipande kutoka 80 hadi karibu 90.9, kwa hiyo huyu dada anaomba mkopo wa kama milioni 11, akiomba 40 ameshatoka nje ya hesabu hii. Ukijaribu na ile 12 utaona faida iliyobaki inazidi mahitaji kwa kama 1.7, ndo unajua umekosea.

Hatua ya 4. Angalia tarehe ya mizania. Huku kwetu minada inaanza kama Oktoba, sasa ukifunga hesabu Desemba ghala limejaa korosho ghafi za mkopo. Tuseme za 60: mali zinakuwa 260, deni 140, mtaji unabaki 120 palepale. Ukuaji endelevu haugusiki, bado 13.64 (ila sasa unamaanisha kuendelea kubeba deni zito kuliko mtaji!), lakini ukuaji wa ndani unashuka hadi 5.86 wakati biashara ni ileile. Kwa biashara ya msimu mimi kwenye B4 naweka wastani wa mali za mwisho wa kila mwezi, ni makadirio lakini yanakaribia ukweli kuliko picha ya Desemba. Kama hana hesabu za kila mwezi, chukua hata nne za robo mwaka, na ile ya ghala kujaa iwe mojawapo.