Swali la saa: ukilitafsiri tu, ugumu unabadilika

Walimu mnaotunga mtihani wa hesabu kwa Kiswahili na Kiingereza, chungeni sana maswali ya muda wa safari.

Chukua basi linalotoka Mbeya saa 3 asubuhi na kufika Iringa saa 9 alasiri. Kwa Kiswahili mtoto anatoa 3 kwenye 9, anapata 6, basi. Kwa Kiingereza safari hiyohiyo ni kutoka 9:00 hadi 3:00, na inavuka adhuhuri, kwa hiyo lazima aongeze 12 kwanza. Jibu ni moja, lakini hatua hazilingani. Ukianza saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, mzigo unahamia kwa anayesoma Kiswahili.

Dawa yake ni kuweka safari nzima kati ya saa 1 asubuhi na saa 6 mchana, au kati ya saa 7 na saa 11 jioni. Mfano: Mbeya saa 2:20 asubuhi, Makambako saa 5:05 asubuhi. Kwa Kiingereza ni 8:20 hadi 11:05. Wote wawili wanakopa dakika 60, na jibu ni saa 2 na dakika 45. Chaguo baya lenye maana ni saa 3 na dakika 15, la anayetoa 5 kwenye 20 kinyumenyume.

Halafu usiulize “ilichukua saa ngapi?”, maana wengine watakuandikia saa ya kufika. Andika “ilichukua muda gani?”