Outlook inapojifunga mara tu inapofunguliwa

Mhasibu mmoja hapa Dodoma alikuwa akifungua Outlook, ile ya zamani ya Windows, nayo ikijifunga kabla barua hazijaonekana. Ukipatwa na hali hiyo, bonyeza Windows+R, kisha andika:

```
outlook.exe /safe
```

Ikifunguka na kutulia, mshukiwa wa kwanza ni programu-jalizi, kwa kuwa amri hiyo huifungua Outlook katika hali salama, ambayo haizipakii. Nenda File > Options > Add-ins, chagua COM Add-ins, bofya Go, na uondoe alama zote. Kisha fungua Outlook kwa kawaida na uzirudishe moja moja, ukiifunga na kuifungua upya kila mara, hata kama inachosha. Kwa mhasibu huyo, iliyoiangusha ni ile ya kugeuza barua kuwa PDF. Ikijifunga hata katika hali salama, chunguza wasifu wa barua pepe badala yake.