Mwalimu, ukiletewa hati ya mashtaka, andika utetezi hivi

Walimu wenzangu, utetezi wa maandishi hujibu shtaka lililo kwenye hati, si uhasama wenu ofisini. Nimesoma tetezi nyingi zinazoanza na "mkuu wa shule ananichukia", na inasikitisha, kwa sababu mara nyingi mwalimu alikuwa na vielelezo vizuri ambavyo hakuviambatisha.

Tuseme umeshtakiwa kwa utoro wa siku nne. Anza na unachokubali: "Ni kweli sikuwepo kituoni tarehe 11 hadi 14 Machi." Kisha eleza ulichofanya, kwa tarehe na saa: "Tarehe 10, saa 2:40 usiku, mwanangu alilazwa. Saa 3:05 nilimtumia mkuu wa shule ujumbe wa kuomba ruhusa (Kielelezo A). Mwanangu aliruhusiwa kutoka wodini tarehe 14 (Kielelezo B). Sikujaza fomu ya ruhusa, na niliporudi tarehe 15 niliandika barua ya maelezo (Kielelezo C)."

Hilo la fomu usilifiche. Wajumbe watakaosikiliza shauri lako wataliona tu, na ukilisema mwenyewe watakuamini kwenye mengine.

Ujumbe wa simu uchapishe namba na saa zikionekana. Ukidai kuwa wanafunzi hawakukosa vipindi, ambatisha nakala ya daftari la vipindi lenye saini ya aliyekushikia. Wasilisha kabla ya siku iliyotajwa kwenye hati, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.